Mguu wangu mbona uko vilevile? Kuandika hotuba ya matende na mabusha kutoka slaidi za Kiingereza

Muuguzi wa zahanati moja iliyoko njia ya Pangani, kusini mwa mji wa Tanga, aliniletea slaidi 22 za Kiingereza kuhusu matende na mabusha. Alizipata kwenye mafunzo. Alitaka hotuba ya Kiswahili ya dakika 20, ya kusemwa kwenye mkutano wa kijiji cha wavuvi baada ya swala ya alasiri. Mahali penyewe ni chini ya mwembe mbele ya ofisi ya kijiji, kwa hiyo hakuna projekta na hakuna picha. Msemaji ni yeye mwenyewe, binti wa makamo ya wajukuu wa baadhi ya watakaomsikiliza.

Kazi kama hii wengi huianza kwa kufungua slaidi ya kwanza na kuitafsiri. Mimi nilimwomba kwanza anieleze yaliyotokea mara ya mwisho alipozitumia, maana alikwisha kuzisema kwa mdomo katika kijiji kingine, slaidi baada ya slaidi, akitafsiri papo hapo. Akasema watu walitulia vizuri mpaka mzee mmoja aliponyanyua mkono: "Binti yangu, dawa hizo tumezimeza mwaka baada ya mwaka. Mguu wangu mbona uko vilevile?" Yeye anajua jibu, na alilitoa. Lakini wakati huo nusu ya watu walikwisha kujikung'uta na kuondoka, na waliobaki wakaanza kunong'onezana kwamba kumbe vidonge vile havikuwa na kitu.

Swali hilo ndilo lililoamua hotuba nzima. Nilizipitia slaidi zote 22 nikitafuta jibu lake na sikuliona. Kila slaidi ina ukweli wake na hakuna iliyokosea. Slaidi za mwanzo zinaeleza kimelea na mbu. Za katikati zinaeleza vidonge vya kingatiba, na juu yake pameandikwa kwamba hayo ni matibabu. Za mwisho zinaeleza kutunza mguu uliovimba na upasuaji wa busha. Msikilizaji akipewa vipande hivyo kwa mpangilio huo ataviunganisha mwenyewe, tena kwa akili nzuri kabisa: ugonjwa ninaouona ni mguu kuvimba, dawa ya ugonjwa ni vidonge, basi vidonge ni dawa ya kupunguza mguu. Asipoona mguu kupungua, atawaona waliomletea vidonge kuwa waongo.

Kilichokosekana ni kiungo cha katikati, yaani kidonge kinaua nini, na nini hakiwezi kukitengeneza. Daktari anayetazama slaidi ana kiungo hicho kichwani, ndiyo maana aliyeziandaa hakuhangaika kukiandika. Aliyekaa kwenye mkeka chini ya mwembe hana pa kukipata.

Mambo yenyewe yako hivi. Ugonjwa huletwa na minyoo myembamba kama uzi, jina lake la kitaalamu Wuchereria bancrofti. Minyoo mikubwa hukaa katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kutoka miguuni, mikononi na sehemu za siri, na huweza kuishi humo miaka 6 hadi 8. Huko huzaa watoto wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huingia kwenye damu, na kwa huku kwetu huwa wengi zaidi katika damu inayozunguka usiku. Mbu akimuuma mwenye ugonjwa usiku anawanyonya, wanakomaa ndani yake, kisha anawapeleka kwa mtu mwingine. Kuumwa mara moja hakutoshi. Mtu huambukizwa kwa kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka, na uvimbe huja baadaye sana.

Vidonge vilivyogawiwa huku ni vya aina mbili vinavyomezwa pamoja, ivamektini na albendazoli. Mpango wa taifa ulianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, na mkoa wa Tanga ukaingia mwaka 2004. Kazi kubwa ya vidonge hivyo ni kuwamaliza watoto wa minyoo walioko kwenye damu, ili mbu akose cha kubeba. Minyoo mikubwa mingi hubaki hai na baada ya muda huanza kuzaa tena, ndiyo sababu ya kumeza kila mwaka, kwa miaka isiyopungua 5, mpaka ile mikubwa ifikie mwisho wa umri wake. Na mishipa ya limfu iliyokwisha kuharibika haiponi kwa kidonge. Jibu la mzee yule liko katika sentensi hiyo ya mwisho, na katika slaidi 22 haikuwamo.

Kwa hiyo hotuba niliianzia pale slaidi zilipoishia, kwenye mguu, kwa kuwa mguu ndio kila mtu amewahi kuuona. Nikalitoa swali la mzee mwanzoni kabisa, likasemwa na msemaji mwenyewe kabla hajaulizwa. Sehemu hiyo nainakili hapa ilivyo:

"Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya matende na mabusha. Najua wengi hapa mlimeza vidonge vya kingatiba miaka iliyopita, na najua wapo wanaojiuliza: kama tulimeza, mbona mwenye mguu mkubwa bado anao? Ni swali la haki, na ndilo nitakaloanza nalo. Mwilini tuna mishipa midogo inayotoa maji miguuni na kuyarudisha juu, kama mitaro ya shamba. Minyoo ya matende hukaa ndani ya mitaro hiyo na kuibomoa. Vidonge viliua watoto wa minyoo walioko kwenye damu, ili mbu asiwachukue kwako akampelekea mwanao. Kazi hiyo vidonge viliifanya. Lakini mtaro uliokwisha kubomoka, kidonge hakiwezi kuujenga. Kwa hiyo mguu uliovimba una matunzo yake mengine, na leo nitawaonyesha namna yanavyofanywa."

Muuguzi alipoisoma alisita kwenye maneno "kwako akampelekea mwanao". Aliona kama yanamlaumu mgonjwa. Tulikaa na sentensi hiyo kitambo. Mimi niliona kwamba sababu ya kumeza vidonge wakati huna uvimbe ni kuwakinga wengine, na hilo lisiposemwa wazi, kijana mwenye miguu mizima hana sababu ya kumeza chochote. Tukakubaliana libaki, ila tukaongeza mbele yake kwamba mtu anaweza kuwa na watoto wa minyoo kwenye damu kwa miaka bila kujua na bila kuumwa. Nyongeza hiyo ni ya kweli na inaondoa kidole kwa mwenye mguu uliovimba, maana anayemlisha mbu anaweza kuwa yeyote aliyeketi pale.

Sehemu ya pili, matunzo ya mguu, ndiyo iliyokula muda mwingi zaidi wa kuandika, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote kwa kijiji kile. Slaidi yake ilikuwa na vichwa vitano vya maneno mawilimawili, kuhusu usafi, kuinua, mazoezi, viatu na vidonda. Kwa muuguzi hiyo ni kumbukumbu tosha. Mtu wa nyumbani anataka kujua anaanza na nini, kwa mkono upi, kwa kitu gani alicho nacho, na afanye nini siku mguu unapowaka.

Nikaanza na sababu tena, kwa kuwa bila sababu kuosha mguu huonekana kuwa ni usafi tu wa kawaida. Mguu wa matende huwa na nyufa, hasa kati ya vidole ambako fangasi hupenda kukaa. Bakteria huingia hapo, na kwa kuwa mishipa ya limfu imeharibika, mwili hauwezi kuwafukuza vizuri. Ndipo zinapokuja zile siku ambazo mtu hutetemeka kwa homa, mguu unakuwa wa moto na wekundu, na mtoki unauma kinenani. Kila shambulio la namna hiyo huuharibu mguu zaidi na kuuongeza ukubwa. Mwenye matende anaposema "mguu umeamka", anasema jambo hili, na hajui kwamba mlango wake ni ufa mdogo kati ya vidole. Kuosha kila siku ni kuufunga mlango huo.

Baada ya hapo zikaja hatua, zikasemwa kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Beseni, maji safi ya kawaida yasiyo ya moto, sabuni ya kuogea isiyo kali, na kitambaa laini. Unatazama mguu kwanza, kila mkunjo na kati ya kila kidole, kama pana ufa au kidonda. Unaanza kuosha juu uvimbe unapoanzia, mara nyingi kwenye goti, unashuka taratibu mpaka unyayoni. Kwenye mikunjo na kati ya vidole unapitisha kitambaa polepole bila kusugua kwa nguvu, maana kusugua kunafungua nyufa nyingine. Unasuuza mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Kisha unakausha kwa kugusagusa, na kati ya vidole unahakikisha pamekauka kabisa. Kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko taulo gumu. Ukimaliza mguu mmoja, unaosha na wa pili hata kama hauna kitu.

Hapo nilikuwa nimeandika jina la dawa ya kupaka kwenye nyufa, kwa sababu slaidi ilikuwa nalo. Muuguzi alilifuta. Hoja yake ilikuwa nzito: jina likitajwa kwenye mkutano, kesho yake watu watakwenda duka la dawa kununua kila mrija wenye jina linalofanana nalo, wengine watapaka dawa yenye nguvu isiyowafaa. Badala yake tukaandika: "Ukiona ufa au kidonda, njoo zahanati tukiangalie, tukupe cha kupaka." Slaidi humsemesha mtoa huduma, ndiyo maana imejaa majina ya dawa. Hotuba inamsemesha mwenye mguu, na kwake jambo la kutenda ni kufika zahanati.

Maneno mawili ya "inua mguu" yalituonyesha kitu kingine. Kabla ya kumkabidhi muuguzi hotuba nina desturi ya kuisoma kwa sauti mbele ya mtu asiyewahi kuziona slaidi, kisha namwomba anisimulie alichokisikia kwa maneno yake. Simuulizi kama ameelewa, kwa sababu kila mtu atajibu ameelewa. Safari hii alikuwa mama jirani, muuza maandazi, ambaye dada yake ana matende. Alisimulia kuosha vizuri sana, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye kuinua akasema: "Usiku nitamwambia aegemeze mguu ukutani." Mguu unaoegemezwa ukutani usiku kucha utamtesa na hautakaa. Kilichokusudiwa ni kwamba anapoketi, mguu uwekwe juu ya kigoda au kiti cha pili, usawa wa nyonga; na anapolala, upande wa miguuni wa godoro uinuke kidogo, kwa mto kuwekwa chini ya godoro au kwa kuinua miguu ya kitanda ya upande huo. Tukayaandika hivyo hivyo yote mawili. Muuguzi akaongeza sentensi iliyokuwa imefichwa katika maandishi madogo chini ya slaidi: mwenye ugonjwa wa moyo asiinue mguu kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Nimeona mara nyingi kwamba tahadhari muhimu hukaa katika maandishi madogo kama yale, na anayetafsiri vichwa vya juu peke yake huiacha.

Siku ya shambulio ilipewa aya yake peke yake, fupi, isemwe polepole: pumzika, inua mguu, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa maji mengi, usifanye mazoezi ya mguu siku hizo, usichanje, usikande kwa maji ya moto, na uende zahanati siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ukahitaji antibayotiki. Mama jirani alipoisimulia aliacha "usichanje". Nikaitenga ikawa sentensi kamili yenye sababu yake: chale ni mlango mpya wa bakteria. Mara ya pili hakuisahau.

Tukaingia kwenye jambo la madafu. Ukanda mzima wa pwani kuna imani kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi. Slaidi ililiweka chini ya kichwa cha imani potofu, na mstari wa kwanza ukaitamka imani yenyewe kwa herufi nzito. Mambo mawili yalinisumbua. Kwanza, kwenye mkutano usio na maandishi watu hukumbuka kilichotamkwa mwanzo. Ukianza na "madafu huleta busha", hata ukikanusha baadaye, wapo watakaorudi nyumbani na ile sentensi ya kwanza. Pili, kumwita mzee mwenye imani potofu mbele ya wajukuu zake ni kumvunjia heshima, na baada ya hapo hatasikiliza tena.

Tena wazee hawakubuni kutoka hewani. Waliona kwamba maradhi haya yamejaa pwani kwenye minazi, na huko milimani, Lushoto kwa mfano, ni nadra. Walichokiona ni sahihi. Sababu ni joto la pwani, unyevunyevu wake na wingi wa mbu, wakiwemo wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo na madimbwi ya maji machafu karibu na nyumba. Mnazi unapenda mahali hapohapo wanapopapenda mbu. Kwa hiyo hotuba ikasema: "Mabusha huletwa na minyoo ile ile ya matende, na anayeileta ni mbu. Wazee wetu waligundua zamani kwamba maradhi haya ni ya pwani, na waligundua kweli, kwa sababu pwani ndiko kwenye mbu wengi wa kuyaeneza. Dafu halina kosa, nyweni." Muuguzi alipolisoma alicheka kwa furaha na kusema hilo la mwisho atalisema akiwa amelishika dafu mkononi.

Mabusha yenyewe yalitaka mpangilio wa adabu. Muuguzi hawezi kusimama mbele ya wakwe na vijana akaeleza kwa urefu viungo vya siri vya wanaume. Akifanya hivyo watu watainamisha nyuso na hawatasikia neno. Tukagawa. Mbele ya wote anasema mambo matatu tu: kwamba busha ni ugonjwa kama mwingine na halitokani na mwenendo mbaya wa mtu, kwamba linatibika kwa upasuaji, na kwamba baada ya mkutano mhudumu wa kiume ataketi na wanaume pembeni. Maelezo mengine yote yakahamia kwenye ukurasa wa mhudumu huyo. Pale kwenye mkutano mkubwa niliepuka pia kusema "mshipa" peke yake, kwani kwa watu wa huku neno hilo lenyewe ni jina la busha au ngiri. Ndiyo maana hotuba inasema "mishipa midogo inayotoa maji" na mara moja inahamia kwenye mitaro.

Yaliyoachwa nayo yana sababu zake. Slaidi ya takwimu za dunia, wanaume milioni 25 wenye mabusha na watu milioni 15 wenye matende, niliiweka kwenye maelezo ya msemaji kama ataulizwa. Mkutanoni haina kazi, kila mmoja pale anamjua mgonjwa kwa jina. Picha za miguu iliyoharibika kupita kiasi nilishauri zisichapishwe hata kwenye karatasi, kwa kuwa mwenye mguu ataketi palepale, na macho yote yatahama kutoka kwenye picha kwenda kwake.

Kabla ya kusemwa, hotuba ilipita mikononi mwa watu wawili wa afya, muuguzi mwenyewe na mratibu wa halmashauri wa magonjwa hayo. Kila sentensi niliyoiongeza ambayo haikuwa kwenye slaidi niliipigia mstari chini ili waione kwa urahisi: mitaro, umri wa minyoo, minazi na mbu, mto chini ya godoro. Mwandishi anaweza kupanga na kulainisha, lakini jambo jipya la tiba lazima liidhinishwe na mwenye taaluma, na hawezi kuliidhinisha kama limefichwa katikati ya aya nzuri. Mratibu alirekebisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika "vidonge viliua watoto wote wa minyoo". Akafuta "wote".

Mkutano ulipofanyika hotuba ilikwenda dakika 25, kwa sababu kwenye kuosha muuguzi aliagiza beseni na kumwosha mguu mtu mzima mbele za watu, jambo lililokuwa bora kuliko sentensi zangu. Swali la vidonge na mguu halikuulizwa tena. Badala yake mama mmoja aliuliza kama mwanawe wa miaka 9 aliyemeza vidonge anaweza kuvimba akikua, swali ambalo huulizwa na mtu aliyekwisha kuelewa kwamba maambukizi huja mapema na uvimbe huchelewa.

Kwenye kikao cha wanaume liliulizwa swali moja ambalo ukurasa wa mhudumu haukuwa nalo: kwa nini kusiwe na kuvuta maji ya busha kwa sindano, ikaisha bila kisu? Alijibu kwamba maji huvutwa, lakini kifuko kinachoyatengeneza hubaki na kujaa tena, na sindano inaweza kuingiza uchafu. Upasuaji hushughulikia kifuko chenyewe. Wawili walimfuata baadaye wakauliza siku ya kliniki. Jibu hilo la sindano sasa limeingizwa kwenye ukurasa wake, mara tu baada ya sentensi inayotaja upasuaji.